Surua na rubela: kichupa kimoja, vizingiti viwili

Kichupa cha chanjo ya surua-rubela hutoshea kiganjani. Ndani yake mna unga mkavu ambao mhudumu wa afya huuchanganya na maji yake maalumu kabla ya kuuvuta kwa sindano. Unga huo umebeba virusi hai vya aina mbili vilivyodhoofishwa, vya surua na vya rubela. Tanzania ilianza kutumia chanjo hii ya pamoja mwaka 2014, na tangu hapo mtoto huchomwa akiwa na miezi 9, kisha hurudishwa akiwa na miezi 18.

Sindano ni moja na kadi ya kliniki ni moja, lakini magonjwa haya mawili hayadai kitu kimoja. Kwa surua wapangaji wa chanjo hutaka watoto 95 kati ya 100, tena kwa dozi mbili, na kwa kila wilaya. Kwa rubela watoto 88 hivi wangetosha, na dozi moja ingetosha. Ila rubela ilikuwa na sharti ambalo surua haikuwa nalo: kwa miaka mingi, hadi 2024, Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi kwamba kama haziwezi kuwafikia watoto 80 kati ya 100, ni afadhali zisianze kabisa kuichanja. Kuchanja nusu ya watoto dhidi ya surua kunaokoa maisha. Kuchanja nusu ya watoto dhidi ya rubela kunaweza kuleta watoto wengi zaidi wanaozaliwa viziwi na wenye mtoto wa jicho.

Watu wengi wanasikia "kinga ya jamii" na kudhani ni asilimia fulani moja ambayo wataalamu wamekubaliana mezani. Ukifuatilia jinsi namba hizi mbili zinavyopatikana, utaona kwamba haikuwa makubaliano.

Kumi na nne kati ya kumi na tano

Tuanze na surua. Mgonjwa wa surua huambukiza kuanzia siku 4 hivi kabla upele haujatokea hadi siku 4 baada ya kutokea. Baadaye anapona au anafariki, na akipona mwili wake haushiki surua tena maisha yake yote. Kwa hiyo kirusi kina kama siku nane za kupata mwili mpya wa kuhamia. Surua haina mnyama wa kuihifadhi porini, wala haikai udongoni. Mnyororo wa maambukizi ukikatika kwa watu, kirusi kimekwisha mahali hapo.

Swali la msingi ni hili: mgonjwa mmoja akiingia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja mwenye kinga, atawaambukiza wangapi? Namba hiyo wataalamu huiandika `R0` na kuiita R sifuri. Kwa surua, vitabu vingi hutaja kati ya 12 na 18. Tuchukue 15, iliyo katikati.

Sasa tuseme kati ya wale 15 ambao mgonjwa wetu angewaambukiza, 14 wana kinga. Anabaki mmoja. Mgonjwa mmoja anazaa mgonjwa mmoja, naye anazaa mmoja, na ugonjwa unajikokota bila kupanda wala kushuka. Wenye kinga wakizidi hapo kidogo tu, kila mgonjwa anazaa pungufu ya mmoja kwa wastani, na mnyororo unakatika wenyewe hata kama bado wapo watu wasio na kinga. Hicho ndicho kizingiti: 14 kati ya 15, yaani asilimia 93.3. Kwa namna ya fomula:

```
kizingiti = 1 - 1/R0
```

Rubela huambukiza kwa nguvu ndogo zaidi. Mgonjwa mmoja huwapata kati ya watu 5 na 7 hivi. Tukichukua 6, inatosha watano kati ya sita wawe na kinga, na hiyo ni asilimia 83.3. Tofauti ya magonjwa haya mawili imeanzia hapo, wala haitokani na ukali wa ugonjwa. Kizingiti hakiulizi ugonjwa unaua wangapi. Kinauliza unaruka kwa watu wangapi.

Kwa nini surua inaruka zaidi? Kwa sababu kirusi chake husafiri katika hewa yenyewe, hakingoji matone mazito ya kikohozi. Mgonjwa akitoka chumbani, kirusi kinaweza kubaki hewani hadi saa mbili. Mama anayeingia na mwanawe kwenye chumba cha kusubiria daktari anaweza kuondoka na surua ya mtoto ambaye hawakuonana naye kabisa.

Lakini 15 si tabia ya kirusi peke yake. Ni tabia ya kirusi pamoja na mahali. Bweni lenye vitanda vya ghorofa na madirisha yaliyofungwa usiku lina namba yake, na kijiji chenye nyumba zilizotawanyika kina nyingine. Ndiyo maana vitabu vinataja masafa, 12 hadi 18. Ukiweka 12 kwenye fomula unapata asilimia 91.7, ukiweka 18 unapata 94.4. Wapangaji huchagua upande wa hatari kubwa, kwani sheria ya nchi nzima haiwezi kutungwa kwa kijiji chenye nafasi.

Namba ya Baltimore

Kuna wakati dunia ilikosea kizingiti cha surua kwa kiasi kikubwa, na kosa lenyewe linafundisha kuliko fomula.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa takwimu aitwaye A. W. Hedrich alichambua kumbukumbu za surua za mji wa Baltimore, Marekani, za miongo mitatu. Hapakuwa na chanjo ya surua wakati huo. Alikadiria mwezi baada ya mwezi ni watoto wangapi wa chini ya miaka 15 ambao walikuwa hawajaugua bado. Matokeo yake yalisomwa hivi: wenye kinga wakifika kama asilimia 55 ya watoto, mlipuko hauanzi.

Chanjo ya surua ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1963, namba hiyo iliwapa watu moyo. Kama 55 zinatosha, kazi ni nyepesi. Mwaka 1967 maofisa wa afya wa nchi hiyo walitangaza nia ya kuitokomeza surua mwaka huohuo. Wagonjwa walipungua sana kweli, lakini surua haikutoka. Kati ya 1989 na 1991 ilirudi na wagonjwa wapatao 55,000, na zaidi ya watu 120 walifariki. Ni mwaka 1989 walipoamua kila mtoto apewe dozi mbili. Mwaka 2000 ndipo nchi ilipotangazwa kuwa haina tena surua inayozunguka kwa kudumu.

Hedrich hakukosea kuhesabu. Waliomsoma walisahau kwamba alihesabu watoto tu. Chukua mji ambao watoto wa chini ya miaka 15 ni robo ya wakazi, na watu wazima wote walishaugua surua utotoni. Ikiwa kati ya watoto 100 wapo 45 wasio na kinga, basi kati ya wakazi 100 wa mji mzima wasio na kinga ni kama 11 tu. Wengine 89 wanayo. Na 89 haiko mbali na kizingiti cha surua! Baltimore ilikuwa imezungushiwa ukuta wa watu wazima waliopona, na ukuta huo haukuonekana kwenye jedwali la watoto.

Hapa kuna jambo la kukumbuka kila mara unaposoma asilimia ya chanjo: ni asilimia ya nani? Ukuta wa watu wazima wa Baltimore ulijengwa na surua yenyewe, kwa gharama ya watoto waliokufa. Chanjo ikishaizuia surua kuzunguka, kizazi kinachokua hakipati tena kinga ile ya kuugua. Kinategemea sindano tu. Kwa hiyo watoto wa leo lazima wafike kizingiti wenyewe, kwa sababu kesho wao ndio watakuwa watu wazima.

Kuchanjwa si sawa na kukingika

Fomula inazungumzia watu wenye kinga. Kadi ya kliniki inazungumzia watu waliochomwa sindano. Kati ya hayo mawili kuna pengo, na kwa surua pengo hilo ndilo lililoleta dozi ya pili.

Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Zinamlinda miezi ya mwanzo, lakini pia humaliza virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Akichanjwa akiwa na miezi 9, kati ya watoto 100 hukingika kama 85. Angesubiri hadi miezi 12, wangekingika kama 95. Nchi ambazo surua ni nadra huchagua kusubiri. Nchi ambazo surua bado inawakuta watoto wachanga haziwezi kusubiri, kwa hiyo huchanja mapema na kukubali hasara ya wale 15.

Tuifanye hesabu kwa watoto 1,000 waliozaliwa mwaka mmoja katika kata moja ya kufikirika. Miezi 9 wanaletwa 950, yaani zile asilimia 95 zinazotakiwa. Asilimia 85 ya hao wanakingika, yaani 808. Wasio na kinga ni 192: kuna 50 ambao hawakuletwa, na 142 waliochanjwa ila chanjo haikushika. Kizingiti kinataka 933. Tuko mbali. Hata kama wangeletwa wote 1,000 bila kukosa mmoja, wangekingika 850 tu. Dozi moja ya miezi 9 haiwezi kuizuia surua kwa asilimia yoyote ile ya uchanjaji, hata mia kwa mia.

Ni hapa pia panapozaliwa maneno ya mtaani kwamba "waliochanjwa ndio wanaougua". Surua ikiingia kwenye kata hii baada ya dozi moja, itawapata kutoka kwenye kundi la 192, na kati yao 142 walichanjwa. Kati ya wagonjwa wanne, watatu watakuwa na kadi yenye alama ya chanjo! Anayetazama wodi anaona chanjo imeshindwa. Anayetazama kata nzima anaona kwamba watoto 808 kati ya 950 waliochanjwa hawatagusika, wakati wale 50 wasiochanjwa hawana mmoja aliyekingwa. Swali sahihi si wangapi kati ya wagonjwa walichanjwa, bali ni wangapi kati ya waliochanjwa wameugua. Natamani kila mwandishi wa habari anayetumwa kuandika kuhusu mlipuko awe na hesabu hii mfukoni.

Sasa miezi 18 inafika. Tuseme watoto walewale 950 wanarudi wote. Wale 142 ambao chanjo haikushika wanapata nafasi ya pili, na umri huu kingamwili za mama zimeshakwisha, hivyo kama 135 wanakingika. Jumla inakuwa 943. Tumevuka 933, kwa watoto kumi tu. Waliobaki ni 57. Mgonjwa akiingia, badala ya kuwapata 15 atawapata 0.86 kwa wastani, na moto utazimika.

Lakini dozi ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtoto ameshaanza kutembea, mama amerudi shambani au kazini, na tangu miezi 9 hakuna sindano nyingine ya kumkumbusha kliniki. Tuseme wanarudi 800 badala ya 950. Tukirudia hesabu, waliokingika ni 922 na waliobaki ni 78. Mgonjwa mmoja anawapata 1.17. Tofauti ya 0.86 na 1.17 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini moja inazimika na nyingine inakua. Sasa unaweza kuona kwa nini asilimia 95 ya surua inasemwa kwa ukali namna ile. Imebana kiasi kwamba haina akiba.

Tena wale 57 hawapotei mwaka ukiisha. Mwaka unaofuata wanaongezeka 57 wengine, au 78, au zaidi, juu ya watoto wote wa chini ya miezi 9 ambao muda wao haujafika. Wanajikusanya kama majani makavu. Ndiyo sababu kila baada ya miaka michache huja kampeni inayowachanja watoto wote wa umri fulani bila kuuliza kadi. Wazazi wengi huuliza, "Wangu alishachomwa, kwa nini tena?" Jibu ni kwamba hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama mtoto kama yumo kwenye wale ambao chanjo ilishika au wale ambao haikushika, na dozi ya ziada haimdhuru aliyekwisha kukingika.

Majani hayo yakiachwa, huwaka. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 300,000 walioshukiwa kuwa na surua, na zaidi ya watu 6,000 walifariki. Dunia wakati huo ilikuwa inatazama Ebola ya mashariki mwa nchi hiyohiyo, ambayo iliua watu wachache zaidi.

Rubela inavyoadhibu kazi ya nusu

Kwa rubela, chanjo ileile inafanya kazi vizuri zaidi. Hata kwa mtoto wa miezi 9, dozi moja hukinga kama asilimia 95. Ukigawa kizingiti cha 83.3 kwa 0.95 unapata karibu 88, na ndiyo asilimia ya uchanjaji niliyoitaja mwanzoni. Ingekuwa hilo tu, rubela ingekuwa ndugu mpole wa surua.

Rubela kwa mtoto ni upele mwepesi na homa kidogo, na wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Hatari yake ni kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, alishangaa kuona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho kwa wakati mmoja, na akagundua kwamba mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Leo inajulikana kwamba mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90: uziwi, mtoto wa jicho, kasoro za moyo. Mlipuko wa Marekani wa 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 wenye madhara hayo.

Kwa hiyo kinachotafutwa kwa rubela si kupunguza idadi ya wanaoambukizwa tu. Muhimu zaidi ni umri wanaoambukizwa. Pasipo chanjo, kirusi huzunguka sana na wasichana wengi wanakutana nacho utotoni, wanapona, na wanaingia umri wa kuzaa wakiwa salama. Kuna hesabu ya karibukaribu ya umri huo: toa moja kwenye R, kisha gawa urefu wa maisha kwa jibu hilo. Kwa maisha ya miaka 60 na R ya 6, unapata miaka 12.

Sasa nchi ianze kuchanja, lakini iwafikie watoto 40 tu kati ya 100. Wanaokingika ni 38. Kila mgonjwa sasa anawapata watu 3.7 badala ya 6, kirusi kinapunguza mwendo, na asiyechanjwa anangoja muda mrefu zaidi kabla ya kukutana nacho. Rudia hesabu: 60 gawa kwa 2.7, jibu ni miaka 22. Wanaoambukizwa wamepungua, karibu kwa nusu. Lakini waliobaki wamesogezwa kutoka darasa la sita hadi umri wa ujauzito wa kwanza. Idadi imeshuka na madhara yanaweza kupanda.

Hili lilitokea Ugiriki. Walianza kuwapa watoto chanjo yenye rubela katikati ya miaka ya 1970, bila lengo la kuwafikia wengi, na kwa miaka yote ya 1980 uchanjaji ulikuwa chini ya nusu. Mwaka 1993 ukatokea mlipuko ambao wagonjwa wake wengi walikuwa vijana na watu wazima. Uliacha watoto 25 waliothibitishwa kuzaliwa na madhara ya rubela, katika nchi ndogo yenye huduma za kutosha.

Ndiyo asili ya sharti la asilimia 80. Halikuwa kizingiti cha kuukata mnyororo. Lilikuwa sakafu ya kuhakikisha kwamba unapoingia katika jambo hili hutaliacha nusu njia. Ndiyo asili pia ya ile kampeni kubwa ambayo wengi wanaikumbuka, Tanzania mwezi Oktoba 2014 na Kenya mwaka 2016, ambapo walichanjwa hadi watoto wa miaka 14 mashuleni. Mtoto wa miaka 14 hakuwa tishio kubwa la surua. Alichanjwa kwa sababu, mara tu wadogo zake watakapoanza kukingwa, kirusi cha rubela kingemchelewesha yeye hadi awe mama. Kampeni ile ilifunga mlango huo siku ya kwanza.

Asilimia nzuri inayodanganya

Chukua wilaya yenye vijiji kumi vinavyolingana. Tisa vimechanja watoto wote, cha kumi kimechanja nusu. Wastani wa wilaya ni asilimia 95 kamili, na kwenye ripoti ya mkoa inapakwa rangi ya kijani. Lakini watoto wa kijiji cha kumi hucheza wao kwa wao, na nusu yao hawana kinga. Kwao mgonjwa mmoja wa surua anawapata saba au nane. Fomula ya kizingiti inadhani watu wamechanganyika kama sukari kwenye chai, na watu hawako hivyo. Wasiochanjwa hukaa jirani: kando ya ziwa, kwenye kambi ya wafugaji, kwenye machimbo, katika dhehebu linalokataa sindano.

Wanaofanya kazi hii huwa na ishara zao. Asilimia ikizidi 100 kwenye ripoti, ina maana idadi ya walengwa imekadiriwa chini, kwa kawaida kutoka sensa ya zamani, na hapo hata 95 ya jirani haifai kuaminiwa. Pengo kati ya dozi ya kwanza na ya pili likiwa pana, shida ni watoto kutorudishwa, na dawa yake ni kuwafuatilia kwa majina. Dozi ya kwanza yenyewe ikiwa chini, shida ni umbali au kutofikiwa, na dawa yake ni huduma ya mkoba. Na mlipuko ukitokea, umri wa wagonjwa unasema: wakiwa wengi wa miaka 5 hadi 9, tafuta ni mwaka gani huko nyuma chanjo iliisha ghalani au kampeni iliahirishwa.

Si kila chanjo ina kizingiti cha namna hii. Pepopunda haina kabisa. Bakteria wake wamo udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, wala mtu haambukizi mtu. Hata majirani 999 wakichanjwa, wa 1,000 aliyekatwa na jembe yuko peke yake. Kwa polio kuna mkunjo mwingine: chanjo ya sindano humkinga mtoto asipooze, lakini haizuii vizuri virusi kuishi kwenye utumbo na kutoka kwenye choo, ilhali matone ya mdomoni huzuia zaidi. Penye vyoo duni, asilimia ileile ya uchanjaji haileti kinga ileile ya jamii kwa chanjo hizi mbili.

Kichupa siku ya Jumanne

Hesabu zote hizi hufika mwisho wake kwenye chumba kidogo cha zahanati. Kichupa cha kawaida cha surua-rubela kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji hakina dawa ya kuzuia bakteria. Baada ya saa sita, au siku ya kliniki ikiisha kabla ya hapo, kilichobaki hutupwa.

Jumanne anakuja mama mmoja na mtoto wa miezi 9. Ametembea saa mbili. Hakuna mtoto mwingine wa umri huo siku hiyo. Mhudumu anajua akifungua kichupa atatupa dozi tisa, na mwisho wa mwezi ataulizwa kuhusu dozi zilizoharibika. Hakuna atakayemuuliza kuhusu mtoto ambaye hakuchanjwa, kwa sababu hakuandikwa popote. Kwa hiyo anamwambia mama arudi Alhamisi, siku ya kliniki. Wengine hurudi.

Kwenye kata yetu ya watoto 1,000 tulivuka kizingiti kwa watoto kumi. Wakirudishwa nyumbani kumi na wawili kwa mwaka, mmoja kwa mwezi, na wasionekane tena, tumeshashuka chini yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu jambo hili ni mfupi: fungua kichupa, hata kwa mtoto mmoja.